Spredi ya dola 20, ada ya dola 2.80: faida inaishia wapi?

*Habari za kazi, wahariri. Niko Nkuhungu, Dodoma. Jioni nikitoka ofisini huwa nauza spredi za krediti za puti kwenye soko la Marekani, hasa za mfuko wa IWM. Niliweka dola 2,500, na benki ikakata dola 45 nyingine za kutuma. Kila mara nauza spredi moja yenye upana wa dola 1. Napokea senti 20, nafunga ikishuka hadi senti 10, na ikipanda hadi senti 50 nakubali hasara natoka. Nimeshafunga biashara 30: nimeshinda 24, nimeshindwa 6. Kwa hesabu yangu nina faida ya dola 60, lakini akaunti imebaki na dola 2,476. Broka anasema hakuna kosa lolote. Dola 84 zimekwenda wapi? Na je, nikiuza spredi tano kwa mpigo badala ya moja, nitapata nafuu?*

*Mdau wa Nkuhungu*

Ndugu mdau,

Broka wako hajakosea, na wewe pia hujakosea kujumlisha. Mara 24 umepata dola 10, hizo ni 240. Mara 6 umepoteza dola 30, hizo ni 180. Tofauti ni 60. Ukigawa zile 84 kwa biashara 30 unapata dola 2.80 kwa kila moja, na hapo jibu linajitokeza lenyewe, kwa sababu 2.80 ndiyo gharama ya kawaida ya kuingia na kutoka kwenye spredi moja.

Spredi moja ni mikataba miwili: puti uliyoiuza, yaani opsheni inayompa mnunuzi haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, iitwayo straiki, na puti ya straiki ya chini yake uliyoinunua kama kinga. Kufungua ni mikataba miwili, kufunga ni miwili mingine, kwa hiyo kila biashara inalipiwa mara nne. Kamisheni iliyozoeleka kwa mabroka wa Marekani ni senti 65 kwa mkataba, na mara nne ni dola 2.60. Senti 20 zilizobaki ni ada ndogondogo ambazo broka anazikusanya kwa niaba ya wengine: ada ya OCC, shirika linalosimamia malipo ya opsheni za hisa za Marekani, ada ya udhibiti ya masoko ya opsheni, ambayo kwenye taarifa huandikwa ORF, na kipande kidogo cha FINRA, msimamizi wa mabroka wa Marekani, kinachotozwa kwa mikataba inayouzwa tu. Viwango hivyo hubadilishwa mara kwa mara, ila kwa pamoja ukiviweka senti 5 kwa mkataba hutakuwa mbali na ukweli.

Mtu anayepokea dola 300 kwa spredi moja anaweza kuziita ada hizi vumbi. Kwako hali ni nyingine. Unapokea dola 20 na unalenga kubaki na 10, na katika hizo 10 unatoa 2.80. Asilimia 28 ya faida yako inaondoka hata siku ambayo kila kitu kimekwenda vizuri. Siku ya hasara ada haikuonei huruma: dola 30 zinakuwa 32.80. Ada hupunguza ushindi na huongeza hasara kwa wakati mmoja, na wauzaji wengi wa spredi ndogo huona upande mmoja tu.

Hesabu ya faida halisi ya biashara moja ni fupi. Kwenye jedwali la kompyuta au simu, weka krediti uliyopokea kwenye safu A, bei uliyolipa kufunga kwenye B, idadi ya spredi kwenye C, ada zote za kufungua kwenye D na za kufunga kwenye E:

```
=(A2-B2)*100*C2-D2-E2
```

Mia moja imo kwa sababu mkataba mmoja hubeba hisa 100. Kwa biashara yako ya ushindi inakuwa (0.20 − 0.10) × 100 × 1 − 1.40 − 1.40, yaani dola 7.20. Kwa biashara ya hasara ni (0.20 − 0.50) × 100 − 2.80, yaani hasi 32.80. Zidisha 7.20 kwa 24 upate 172.80, zidisha 32.80 kwa 6 upate 196.80, na tofauti yake ni zile dola 24 zilizopungua kwenye salio.

Namba za D na E usizikadirie. Zitoe kwenye taarifa ya miamala, kwenye safu ambayo kwa mabroka wengi imeandikwa `Commission` au `Comm/Fee`. Kuwa makini na safu ya `Realized P/L`, maana mabroka hawafanani: wapo wanaoonyesha faida iliyokwisha kukatwa ada na wapo wanaoonyesha kabla ya kukatwa. Njia ya kujua wako yuko kundi gani ni kuchukua biashara moja, siku ambayo huna nyingine iliyo wazi, na kuandika salio la fedha taslimu kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Tofauti ya masalio hayo mawili ndiyo faida halisi. Ikilingana na `Realized P/L`, ada zimo ndani. Kama inapungua kwa dola 2.80, basi safu hiyo inakuonyesha ghafi, na ndiyo sababu ulikuwa unaona 60.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tungependa ulishike kuliko mengine yote, nalo ni kiwango cha ushindi unachohitaji ili usipate wala usipoteze. Kiite p. Faida ghafi ya ushindi mmoja ni F, hasara ghafi ya kushindwa mara moja ni H, na gharama ya kuingia na kutoka ni G:

```
p = (H + G) / (F + H)
```

Kwako F ni 10 na H ni 30. Bila gharama, p ni 30 kwa 40, yaani asilimia 75. Ukiweka G ya 2.80, juu inakuwa 32.80 na chini inabaki 40 ileile, kwa hiyo p inapanda hadi asilimia 82. Wewe umeshinda 24 kati ya 30, ambayo ni asilimia 80. Ulikuwa juu ya mstari wa kwanza na chini ya mstari wa pili, na ndiyo maana mahesabu mawili yaliyo sahihi yakakupa majibu yanayopingana.

Tazama tena chini ya mgawanyo: G haimo. Maana yake kila dola moja ya gharama, iitwe kamisheni, ada au bei mbaya, inakupandishia kiwango cha ushindi kwa moja ya arobaini, yaani pointi 2.5. Kwa spredi yako, hiyo ndiyo bei ya dola moja. Ukishaijua huhitaji kubishana na mtu kama senti hizi ni nyingi au kidogo. Unazigeuza kuwa pointi za ushindi na kujiuliza utazitoa wapi.

Hapo hapo tuseme na upande wa pili wa hiyo asilimia 80. Biashara 30 ni chache. Kiwango cha kweli cha mbinu inayotoa ushindi 24 kati ya 30 kinaweza kuwa popote kati ya karibu asilimia 65 na 95, kwa sababu ya bahati tu. Kwa hiyo hatuwezi kukwambia kwamba mbinu yako ni nzuri au mbaya. Kitu pekee kwenye jedwali lako ambacho kina uhakika ni gharama, nacho ndicho kilicho mikononi mwako.

Kuna gharama ambayo haijaandikwa kwenye taarifa yoyote, nayo kwa spredi ndogo mara nyingi inazidi kamisheni. Skrini inakuonyesha bei ya wanunuzi na bei ya wauzaji. Tuseme spredi yako ina wanunuzi kwa senti 19 na wauzaji kwa senti 23. Katikati ni senti 21. Ukiuza kwa 20 umeacha senti moja mezani, na senti moja kwa mkataba wa hisa 100 ni dola moja kamili. Wakati wa kufunga ukilipa 10 ilhali katikati ni 9, umeacha dola nyingine. Hakuna safu itakayokuonyesha hizo dola mbili. Zimejificha ndani ya bei uliyopata. Lakini kwa kanuni tuliyoiona, dola mbili ni pointi tano. Mtu mwenye mpango kama wako anayepata senti moja bora kila upande anahitaji ushindi wa asilimia 77. Anayepata senti moja mbaya zaidi kila upande anahitaji asilimia 87. Kwenye biashara zako 30, senti hiyo moja kuingia na moja kutoka ni dola 60, na ingekutoa kwenye hasi 24 hadi faida ya 36.

Ili kuipima, ongeza safu moja kwenye jedwali: bei ya katikati uliyoiona wakati unatuma agizo. Tofauti kati yake na bei uliyopata ndiyo uliyolipa. Baada ya wiki chache utajua wastani wako, na mara nyingi mtu hugundua kwamba anachovuja ni papara zake na si ada za broka.

Katika kuuza, tuma spredi nzima kama agizo moja lenye kikomo cha bei, usiuze puti moja kwanza kisha ukatafute ya pili. Kutenganisha kuna hatari ya soko kukimbia katikati, na kwa broka mwenye kiwango cha chini cha dola 1 kwa kila agizo utalipa dola 2 kufungua badala ya 1.30. Anza kwenye bei ya katikati, subiri dakika moja au mbili, ushuke senti moja, na uwe umeamua mapema utaishia wapi. Kama mwisho wako ni senti 20 na soko linataka 18, acha. Usifanye kazi hii dakika za mwanzo. Soko la New York linafunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu wakati Marekani iko kwenye saa za kiangazi, na saa kumi na moja na nusu wanaporudi saa za kawaida. Dakika za mwanzo nafasi kati ya wanunuzi na wauzaji huwa pana, na nusu saa baadaye spredi ileile mara nyingi ina senti mbili pungufu kati yao. Kufunga kwa hasara hakuna mjadala wa namna hii, bila shaka; bei ikifika 50 na soko linakimbia, unalipa ulichokuta. Kwa hiyo usitegemee kupata zile senti mbili zote kila mara. Ukipata nusu yake si haba.

IWM uliyoichagua ni sawa kwa shughuli hii, kwani opsheni zake hupigwa bei kwa hatua ya senti moja. Zipo hisa ambazo opsheni zake huenda kwa hatua ya senti tano. Huko spredi ya senti 20 haina mahali pa kupumulia.

Umeuliza kuhusu spredi tano kwa mpigo. Kamisheni ya kwa mkataba haina punguzo la wingi. Ni kama bajaji inayokutoza kwa kila tenga la zabibu hadi soko la Majengo: ukipeleka matenga matano, umelipa nauli tano. Spredi tano zingekuwa mikataba 20 kwenda na kurudi, dola 14 kwa biashara, dola 420 kwa biashara 30, na mwisho wake hasi 120 badala ya hasi 24. Kiwango cha ushindi unachohitaji kingebaki asilimia 82, hakisogei hata kidogo. Kingeongezeka ukubwa wa pigo tu: siku ambayo bei inaruka usiku na kupita straiki zako zote mbili, unapoteza dola 400 za ghafi, ambazo ni kama asilimia 16 ya akaunti yako.

Kinachobadilisha uwiano ni kupanua spredi bila kuongeza idadi ya mikataba. Tuseme unauza puti ya 195 na kununua ya 194 kwa senti 20. Badala yake, uza 195 ileile na ununue ya 193. Krediti haitakuwa 40, kwa sababu kipande cha pili, cha 194 hadi 193, kiko mbali zaidi na bei ya soko na kinalipa kidogo; tuchukue 18, jumla senti 38. Ukifuata mpango wako uleule, unafunga kwa senti 19, na unakubali hasara ikifika senti 95, ambayo ni mara mbili na nusu ya krediti kama ulivyokuwa unafanya.

Mikataba bado ni minne, na G bado ni 2.80. F sasa ni 19 na H ni 57. Ushindi unakuachia 16.20, kushindwa kunakugharimu 59.80, na p ni 59.80 kwa 76, yaani asilimia 78.7. Gharama imeshuka kutoka asilimia 28 ya lengo lako hadi chini kidogo ya 15. Ukilinganisha na kuuza spredi mbili nyembamba, ambazo zingekupa krediti ya 40 na ada ya 5.60, utaona kwamba spredi moja pana inakuachia 16.20 ikishinda, na zile mbili zinakuachia 14.40 pamoja na kwamba zilianza na krediti kubwa zaidi.

Kama rekodi ya 24 kwa 6 ingejirudia vilevile, akaunti ingeongezeka dola 30 badala ya kupungua 24. Tunasema kama, kwa sababu kufunga kwa nusu kwenye spredi pana hakutokei wakati uleule hasa na kwenye nyembamba, ingawa straiki unayoiuza ni moja na tabia zake zinakaribiana. Bei ya nafuu hii ni hatari kubwa kwa kila biashara. Hasara ya juu kabisa ni dola 162 na ada, kama asilimia 6.5 ya akaunti, na agizo lako la kutoka kwenye senti 95 halikulindi bei ikiruka wakati soko limefungwa. Upana wa dola 5 ungepunguza uzito wa ada zaidi, ila hasara ya juu ingekuwa zaidi ya dola 400, na kwa dola 2,476 sisi hatuushauri. Ukiona kwamba spredi ya dola 2 inakunyima usingizi, jibu ni kufanya biashara chache zaidi. Kurudi kwenye ile ya dola 1 kutakurudisha kwenye asilimia 28.

Wapo watakaokushauri upate krediti kubwa kwa kusogeza straiki karibu na bei ya soko. Ada itaonekana ndogo kwa asilimia, ni kweli, lakini umebadilisha uwezekano wa kushinda wenyewe, na jedwali lako la biashara 30 halikuambii chochote tena kuhusu mbinu hiyo mpya.

Kuhusu kufunga. Ukiiacha spredi hadi siku ya kuisha mkataba na puti zote zikafa bila thamani, hulipi ada ya kutoka, dola 1.40 zinabaki mfukoni pamoja na zile senti za mwisho. Inavutia, na kwa spredi iliyo mbali na bei ya soko ni uamuzi wa kawaida. Hatari iko pale bei inapozunguka karibu na straiki uliyoiuza. Opsheni za IWM hulipwa kwa hisa zenyewe. Bei ikifunga kwenye 194.60, puti yako ya 195 inatekelezwa na unabambikwa hisa 100 za dola 19,500, wakati puti yako ya 194 imekufa na haikukingi. Zaidi ya hapo, mwenye puti ana hadi saa 11:30 jioni ya New York kuamua kutekeleza, ambayo kwetu ni saa sita na nusu usiku wakati wa kiangazi chao, na saa saba na nusu wakati mwingine. Bei inaweza kuwa 195.10 soko linapofungwa, habari ikatoka, na ukaamka na hisa. Mabroka wengi hawatasubiri hayo kwa akaunti ndogo. Watakufungia wenyewe saa za mwisho, kwa bei watakayoikuta, na baadhi hutoza ada ya juu kwa kazi hiyo. Kwa hiyo bei ikiwa ndani ya dola mbili tatu za straiki yako siku ya mwisho, lipa 1.40 utoke.

Kuna kosa moja zaidi la ada ambalo linaonekana kama werevu, nalo ni kusogeza spredi inayoelekea kubaya hadi wiki inayofuata. Kusogeza ni kufunga mikataba miwili na kufungua miwili, 2.80 nyingine. Skrini ikikuandikia umepokea krediti ya senti 3 kwa kusogeza, hizo ni dola 3, na kilichobaki kwako ni senti 20 za Marekani kwa kubeba hatari wiki nzima zaidi. Chini ya krediti ya senti 10 hatuoni sababu ya kusogeza spredi ndogo kama hizi.

Linganisha pia ratiba za ada. Wapo mabroka wanaotoza dola 1 kwa mkataba wakati wa kufungua na hawatozi kamisheni kufunga. Kwa spredi yako ni 2.00 na senti 20 za ada nyingine, jumla 2.20. Umeokoa senti 60, sawa na pointi 1.5, na p inashuka kutoka 82 hadi 80.5. Wengine hupunguza kamisheni kwa opsheni iliyo chini ya senti 5 au 10, na hapo puti ya kinga inakuwa nafuu kidogo. Wapo pia wasiotoza kamisheni kabisa. Ada za OCC na wenzake zinabaki. Hao wapime kwa ile safu ya bei ya katikati, kwa sababu wakikupa bei mbaya kwa senti moja kuingia na moja kutoka, wamekuchukulia dola 2 kati ya 2.60 ulizodhani umeokoa. Ukiwa unauliza, uliza pia kama data ya bei za opsheni za papo hapo ni bure au inalipiwa kwa mwezi. Dola moja na nusu kwa mwezi ni ndogo kwa mwenye biashara mia, ila kwa anayefanya tano kwa mwezi ni senti 30 juu ya kila spredi.

Zile dola 45 za benki usizichanganye na jedwali la biashara. Hazihusiani na spredi fulani, na ukizigawanya kwa kila biashara utapotosha p. Ziweke kwenye ukurasa wake, pamoja na gharama ya kurudisha fedha na tofauti ya bei ya benki ya kukuuzia dola na ya kuzinunua. Benki ikiwa na tofauti ya shilingi 50 kwa dola, kwa mfano, mzunguko wa dola 2,500 umekula shilingi 125,000 kabla ya ada ya kutuma kurudi. Kisha gawa jumla ya ukurasa huo kwa faida halisi ya biashara moja. Kwa spredi ya dola 2 na rekodi yako ya sasa, wastani ni dola 1 kwa biashara. Dola 45 za kwenda peke yake ni biashara 45.